Saluni nne, katoni moja ya rasta

Mwenye saluni ndogo akinunua rasta pakiti mojamoja, hulipa bei ya rejareja. Tuseme pakiti ni shilingi 2,500, na katoni ya pakiti 100 huko Kariakoo ni 200,000. Saluni nne za mtaa mmoja zinaagiza pakiti 40, 30, 20 na 10, na kusafirisha mzigo ni 10,000. Gharama hiyo ikigawanywa kwa pakiti, kila moja inafika kwa 2,100. Ikigawanywa sawa kwa saluni, mwenye pakiti 10 anabeba 2,500 nzima, na nafuu yake inashuka kutoka 400 hadi 250 kwa pakiti. Huo si uungwana.

Ugomvi mkubwa, hata hivyo, huzuka kwenye rangi. Namba 1 na 1B huisha upesi. Rangi kali zinaweza kudoda. Oda iandikwe kwa rangi, na aliyeomba rangi aichukue. Muuzaji akitoa katoni ya mchanganyiko tu, kila rangi igawanywe kwa uwiano uleule wa oda.

Pesa zikusanywe kabla ya kwenda dukani, na katoni ifunguliwe wote wakiwapo. Kwa dawa ya nywele, someni kwanza tarehe ya mwisho wa matumizi.