LET: kuvipa majina vipande vya fomula ndefu

LET ni fomula ya Excel inayokipa jina kila kipande cha hesabu kabla hesabu yenyewe haijakamilika. Huandikwa kwa jozi: kwanza jina, kisha thamani yake, halafu jina jingine na thamani yake. Mwishoni kabisa huja hesabu moja isiyo na jina, nayo ndiyo jibu linaloonekana kwenye seli. Majina hayo huishi ndani ya fomula hiyo tu, na seli ya jirani haiyajui.

Manufaa yake huonekana vizuri kwenye karatasi ya mishahara. Tanzania Bara, mfanyakazi aliye NSSF kwa kawaida hukatwa asilimia 10 ya mshahara, na kodi ya PAYE hutozwa kwenye kiasi kinachobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza kwa mwezi hazitozwi kitu. Kutoka hapo hadi 520,000 kiwango ni asilimia 8, hadi 760,000 ni 20, hadi 1,000,000 ni 25, na kinachozidi hapo hutozwa asilimia 30.

Mhasibu asiyetumia LET hulazimika kuandika B2-B2*10% kila anapohitaji kiasi cha kutozwa kodi: mara moja kwa kila kipimo, mara moja tena kwa kila hesabu ya ngazi, na mara nyingine kwenye jibu la mwisho. Ni mara 9 kwa jumla. Akikosea mara moja tu kwenye hesabu ya ngazi fulani, fomula haitalalamika. Itatoa jibu baya kwa watumishi wa ngazi hiyo peke yao, na wengine wote watalipwa sawasawa. Kosa la namna hiyo laweza kukaa miezi.

Kwa LET hesabu ileile husomeka hivi:

```
=LET(
 mshahara, B2,
 nssf, mshahara*10%,
 kiasi, mshahara-nssf,
 kodi, IFS(
  kiasi<=270000, 0,
  kiasi<=520000, (kiasi-270000)*8%,
  kiasi<=760000, 20000+(kiasi-520000)*20%,
  kiasi<=1000000, 68000+(kiasi-760000)*25%,
  TRUE, 128000+(kiasi-1000000)*30%),
 mkononi, mshahara-nssf-kodi,
 mkononi)
```

Mistari huvunjwa kwa kubonyeza Alt na Enter, na Excel haijali nafasi hizo. Mshahara ukiwa 900,000, nssf ni 90,000 na kiasi ni 810,000. Kodi ni 68,000 pamoja na robo ya 50,000, yaani 80,500. Mkononi zinabaki 729,500.

Neno mkononi limerudiwa mwishoni kwa makusudi. Anayekagua akitilia shaka jibu, hubadilisha neno hilo la mwisho tu: akiandika kodi, seli itaonyesha 80,500, akiandika kiasi, itaonyesha 810,000. Hatua itakayotoa namba asiyoitarajia ndiyo yenye kosa. Akimaliza hurudisha mkononi, na hakuna safu za pembeni za kufuta.

Kuhusu kasi, mfano huu haufai kutolewa sifa kubwa, kwani kuzidisha mara 9 ni kazi ndogo kwa kompyuta. Tofauti hujitokeza pale kipande kinachorudiwa ni kizito, kama XLOOKUP inayopekua maelfu ya safumlalo mara mbili: kwanza kuangalia kama bei ipo, kisha kuileta. Ikipewa jina, upekuzi hufanyika mara moja.

Majina yana masharti. Jina lisiwe na nafasi katikati, lisianze na tarakimu, wala lisifanane na anwani ya seli. Hapa wengi hunaswa: VAT18 huonekana jina zuri la kodi ya asilimia 18, kumbe ni seli halisi iliyo mbali upande wa kulia wa karatasi, na Excel hulikataa. Vat_18 hukubaliwa. Herufi r au c peke yake nayo haikubaliki. Pia jina hutumika baada ya kutajwa, si kabla. Ukiligeuza mpangilio huo, au ukikosea herufi moja, seli huandika #NAME?.

Kosa hilohilo hutokea faili likipelekwa kwenye kompyuta ya zamani. LET imo katika Microsoft 365 na Excel 2021 kwenda mbele, na Google Sheets inayo tangu 2023. Excel 2019 haiijui. Ikifungua faili huonyesha jibu la mwisho lililohifadhiwa, kwa hiyo kila kitu huonekana salama, mpaka mtu abadilishe mshahara mmoja na fomula ihesabiwe upya. Kabla ya kumtumia mwenzako karatasi ya namna hii, muulize kwanza anatumia toleo gani.