Jengo Linauzwa na Wapangaji Ndani

Bei ya jengo la biashara lenye wapangaji hukokotolewa kutokana na kodi. Muuzaji hutoa karatasi yenye majina ya wapangaji, nambari za maduka na kodi ya kila mwezi, na mnunuzi huanza kupiga hesabu. Karatasi hiyo imeandikwa na mtu anayetaka kuuza. Kila mstari wake unapaswa kuthibitishwa kabla ya malipo ya awali kutoka mfukoni.

Tuchukue mfano wa jengo la ghorofa mbili mjini Nakuru, linalouzwa shilingi milioni 60. Karatasi inasema kodi ni shilingi 696,000 kwa mwezi, yaani 8,352,000 kwa mwaka, karibu asilimia 14 ya bei. Inavutia. Lakini mikataba ikisomwa, inaonekana kiasi hicho kimejumlisha ushuru wa VAT wa asilimia 16, ambao mwenye jengo hukusanya kwa niaba ya serikali. Kodi yenyewe ni 600,000.

Sasa omba taarifa za benki na za M-Pesa za miezi 12, uzilinganishe na daftari la kodi, mpangaji mmoja mmoja. Hapa ndipo ukweli hujitokeza. Mwenye maduka mawili ya kona, anayetakiwa kulipa 100,000 kwa mwezi, hajaweka chochote kwa miezi saba. Muuzaji atakwambia deni hilo la 700,000 ni mali utakayorithi. Mimi nisingelihesabu hata senti. Mpangaji wa namna hiyo huhesabiwa kama duka tupu, na kodi ya kutegemewa inabaki 500,000 kwa mwezi, milioni 6 kwa mwaka. Kama ulikuwa umekusudia mapato ya asilimia 12 kabla ya gharama, bei yako ni milioni 50, si 60. Mkataba wa mauzo nao useme waziwazi nani atadai malimbikizo ya nyuma.

Ukimwuliza muuzaji juu ya mpangaji huyo, huenda akakutuliza kwamba hana mkataba wa maandishi, hivyo kumtoa ni rahisi. Sheria ya Kenya inasema kinyume kabisa. Chini ya sura ya 301, sheria ya tangu 1965 inayohusu maduka, hoteli na sehemu za kuuzia vyakula, upangaji usioandikwa hulindwa. Ndivyo pia ulioandikwa kwa muda usiozidi miaka mitano, au ulio mrefu zaidi lakini unaoweza kuvunjwa ndani ya miaka hiyo bila kosa la mpangaji. Kumtoa mpangaji wa aina hii, au kumpandishia kodi, kunahitaji notisi katika fomu maalumu, isiyoanza kazi kabla ya miezi miwili tangu aipokee. Akipinga, shauri huenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara, na wewe unaendelea kusubiri. Kwa hiyo anayenunua akitarajia kupandisha kodi mwezi ujao ananunua matarajio yasiyo na msingi. Lipia kodi iliyopo leo.

Amana ndilo eneo ninaloona wanunuzi wakilipuuza zaidi. Daftari la muuzaji wetu linaonyesha amana za shilingi 1,200,000, lakini wapangaji wakiombwa stakabadhi, jumla inafika 1,500,000. Wawili walimlipa wakala wa zamani, ambaye hakuziandika. Fedha hizo aghalabu zilishatumika zamani, na siku mpangaji atakapohama atamdai mwenye jengo aliyepo. Dawa yake ni kukata 1,500,000 yote kwenye bei siku ya kukamilisha mauzo. Uliza pia kama mtu alilipa gudwili ili apate duka, na kama aliahidiwa kodi nafuu kwa sababu hiyo.

Njia ya kuyajua haya ni kumpa kila mpangaji karatasi fupi ajaze na kutia sahihi: kodi anayolipa, amana aliyoweka, miezi aliyolipa mapema, deni lake, tarehe ya mwisho ya mkataba, ahadi alizopewa kwa mdomo na watu aliowakodishia sehemu ya duka. Muuzaji anayekataa usizungumze na wapangaji anakupa jibu tayari.

Kodi ya mwezi wa mauzo hugawanywa kwa siku. Mauzo yakikamilika tarehe 12 ya mwezi wa siku 30, na kodi ya 500,000 imeshalipwa kwa muuzaji, mnunuzi anadai siku 18, yaani shilingi 300,000. Siku hiyohiyo muuzaji atie sahihi barua kwa kila mpangaji, ikitaja mmiliki mpya, akaunti mpya na kiasi cha amana kilichohamishwa. Mpangaji asiyepata barua hiyo, akiendelea kumlipa mwenye jengo wa zamani, hana kosa.