Foto ya marehemu iliyotengenezwa: tuandike nini chini yake?

Katika vilio vingi hapa Wamaza, kama vile Kasongo na Kabambare, familia hutafuta foto ya marehemu na kukuta moja tu: ile ndogo ya kadi ya mchaguzi. Kijana mwenye telefone anaipiga upya, anaikuza, anamvalisha mzee koti na kravati, kisha anaituma kwenye grupu ya WhatsApp ya ukoo. Kabla ya jua kutua imeshafika Kindu na Bukavu.

Kazi hiyo hatuikatazi. Sisi wenyewe tumeiomba mara nyingi. Lakini katika kilio kimoja, dada mkubwa wa marehemu aliitazama foto iliyokuzwa akasema: « Huyu si kaka yangu. » Tulidhani ni uchungu wa msiba. Tulipoiweka karibu na kadi, tukaona ana haki. Kope la jicho la kushoto, lililokuwa limelegea tangu utoto, lilikuwa limenyooshwa. Kovu la kwenye paji la uso halikuwepo tena.

Kijana hakukusudia kudanganya. Uso wa kwenye kadi ni mdogo kuliko kidole gumba, na foto ikikuzwa mpaka ienee karatasi nzima, sehemu kubwa ya uso haina habari yoyote ndani yake. Programu ya telefone inajaza pengo hilo kwa kubahatisha: inachora kope, ndevu na ngozi kama za watu wengine wengi. Kovu inaliona kama doa la uchafu, nayo inalisafisha. Ndiyo maana uso unapendeza na hapohapo unakuwa wa mtu mwingine.

Tulirudi kwenye foto ya kadi. Kijana akaondoa mikwaruzo tu, uso akauacha na ukungu wake. Koti lilibaki kwa sababu watoto walilitaka, na chini ya foto tukaandika: « Sura imetoka kwenye kadi ya mchaguzi ya 2011. Koti na rangi vimeongezwa. » Mistari miwili, haikumwaibisha mtu. Bila hiyo, wajukuu wangekua wakiamini kwamba babu alikuwa na koti la namna hiyo, na labda wangeuliza nani alilirithi! Foto ya kadi yenyewe, bila kuguswa, ilitumwa pia ili ukoo uwe nayo.

Maneno hayo yanafaa kuandikwa juu ya foto yenyewe, ukingoni. Ujumbe ulio chini yake unaachwa nyuma mara mtu anapoiweka kwenye « statut » yake au kuichapisha. Tena WhatsApp hupunguza ukubwa wa foto, na herufi ndogo zinakuwa vumbi. Itume kwanza kwa telefone ya jirani, naye aitume kwa mwingine; wa mwisho akishindwa kusoma, kuza herufi. Huko Norwe, tangu tarehe 1 Julai 2022, sheria inadai alama kwenye matangazo ya biashara ambamo umbo au ngozi ya mtu imebadilishwa, na alama hiyo inachukua karibu asilimia 7 ya picha. Foto za familia hazimo katika sheria hiyo, lakini kipimo hicho kinaonyesha kwamba maandishi ya kujificha pembeni hayatoshi.

Je, kila foto iandikwe? Hapana. Kuongeza mwanga, kukata kingo au kuondoa doa la karatasi hakubadilishi mtu. Selfi ya sikukuu iliyolainishwa uso, kati ya marafiki wanaokuona kila siku, haihitaji neno. Tunaandika pale ambapo mwenye kuipokea atamtambua mtu, atamkumbuka au ataamua jambo kwa kuitegemea. Foto inayopelekwa kwa familia ya mchumba aliye mbali ni ya namna hiyo, ikiwa ngozi imeng'arishwa au miaka imepunguzwa.

Foto ya kumtafuta ndugu aliyepotea wakati wa kukimbia vita ni jambo lingine kabisa. Hapo maandishi hayasaidii, kwa sababu kovu, pengo la meno na alama ya kuzaliwa ndivyo vinavyomtambulisha. Tuma foto isiyoguswa, hata ikiwa mbaya, na uandike mwaka ilipopigwa.

Na angalia telefone yako kwanza. Nyingi hulainisha uso zenyewe wakati wa kupiga, hasa kwa kamera ya mbele, na mwenyewe hajui. Jipige kwa kamera ya mbele, kisha mtu akupige kwa ile ya nyuma, mahali pamoja na mwanga uleule. Tafuta baka au kipele unachokijua usoni mwako. Kikionekana katika foto moja tu, ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime urembo huo kabla ya kupiga foto ya kitu cha maana.