Uvimbe juu ya figo: kila picha na swali lake

Mama wa miaka 46 anakwenda kupigwa picha ya siti skani kwa sababu ubavu wa kushoto umemsumbua wiki nzima. Anahisi ni mawe ya figo, na kweli kijiwe kidogo kinaonekana. Lakini kwenye karatasi ya majibu kuna mstari asioutarajia: juu ya figo ya kushoto, kwenye tezi ya adrenali, kuna uvimbe wa sentimita 3.2. Anaporudi nyumbani, habari ya kijiwe imeshasahaulika. Anachowaza ni kansa.

Mgonjwa huyu nimemtunga kwa ajili ya maelezo, ila njia atakayopita ni ya kweli. Uvimbe wa aina hii, ulioonekana kwa bahati mgonjwa alipokuwa akitafutiwa ugonjwa mwingine, ni jambo la kawaida, na mwingi wake si kansa. Kazi ya daktari ni kuutambua ule mchache wenye hatari bila kumzungusha mgonjwa kwenye vipimo asivyovihitaji.

Namba ya kwanza imeshapatikana bila mama kujua. Siti skani ya kutafuta mawe hupigwa bila kuchoma dawa ya kung'arisha picha kwenye mshipa, na picha ya namna hiyo hasa ndiyo inayotakiwa. Mashine hupima jinsi kila sehemu ya mwili inavyozuia mionzi, kisha huipa namba katika kipimo chenye jina la Godfrey Hounsfield, Mwingereza aliyetunukiwa Nobeli mwaka 1979 kwa uvumbuzi wa mashine hiyo. Alishirikiana tuzo hiyo na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye wazo lake lilianzia hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Katika kipimo hicho maji ni 0, hewa ni kasoro 1000, na mafuta ni karibu kasoro 100.

Kwa nini mafuta yatuhusu? Ganda la nje la tezi ya adrenali hutengeneza homoni kama kotisoli, na malighafi yake ni kolesteroli, ambayo seli huihifadhi ndani mwao. Uvimbe usio na madhara unaoota kwenye ganda hilo, yaani adenoma, mara nyingi hujaa mafuta hayo, na mafuta huishusha namba. Ndiyo maana uvimbe wenye rangi moja kote na namba isiyozidi 10 huhesabiwa kuwa salama, na hauhitaji kupigwa picha nyingine. Mgonjwa bado atapimwa kama uvimbe unamwaga kotisoli kupita kiasi, na mwenye presha atapimwa pia aldosteroni. Lakini wasiwasi wa kansa unaishia hapo.

Namba hiyo inategemea mkono wa anayeipima. Kwenye skrini, daktari wa picha huchora duara juu ya uvimbe na mashine humpa wastani wa kilichomo. Duara likigusa ukingo, mafuta yanayoizunguka tezi huingia kwenye hesabu na namba hushuka kwa uongo. Likiwa dogo mno, chembechembe za picha huiyumbisha. Kwa hiyo duara huchukua karibu theluthi mbili za uvimbe, mbali na ukingo, na hukwepa sehemu iliyooza au yenye chokaa. Na kama picha ilipigwa baada ya dawa kuingia, namba hiyo haisemi lolote kuhusu mafuta.

Duara la mama yetu linasoma 28. Hapo ndipo njia inapogawanyika. Si kwamba ana kansa: karibu adenoma moja katika kila tatu ina mafuta machache, nayo husoma zaidi ya 10. Lakini kansa na uvimbe wa aina nyingine husoma hivyo pia.

Anaitwa tena, mara hii kwa picha yenye dawa. Dawa inachomwa mshipani, picha inapigwa baada ya sekunde kama 60 hadi 75, kisha mama anasubiri na kupigwa nyingine dakika 15 baada ya dawa kuingia. Adenoma huipokea dawa na kuiachia upesi. Kansa aghalabu ina mishipa inayovuja, dawa hupenya katikati ya seli na kukwama humo. Uvimbe wa mama, uliokuwa 28 bila dawa, umepanda hadi 102, na baada ya dakika 15 umeshuka hadi 48. Hesabu ni kiasi kilichotoka ukigawa kwa kiasi kilichoingia:

(102 − 48) ÷ (102 − 28) × 100 = 73%

Mpaka uliozoeleka ni 60%. Mama amevuka, na ripoti inaandikwa: huenda ni adenoma.

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Ndani ya ganda la tezi kuna kiini kinachotengeneza adrenalini na noradrenalini, na uvimbe wa kiini hicho huitwa feokromositoma. Una damu nyingi, na sehemu kubwa ya uvimbe wa aina hii huiachia dawa upesi vilevile, kama adenoma. Kansa iliyosambaa kutoka kwenye figo au ini nayo inaweza kufanya hivyo. Miongozo ya sasa ya Ulaya inakiri kwamba ushahidi unaounga mkono hesabu hii ni dhaifu. Asilimia 73 haikuondoa feokromositoma.

Aliyeokoa jahazi ni daktari aliyemuuliza mama habari zake. Je, presha hupanda ghafla? Je, kichwa humgonga huku moyo ukienda mbio na jasho likimtoka? Mama akajibu ndiyo kwa yote. Alidhani ni kukoma hedhi. Akapewa kidumu cha kukusanyia mkojo wa saa 24, na metanefrini, mabaki ya adrenalini, zikaonekana mara nne ya kiwango cha juu cha kawaida. Kwa kweli kipimo hiki kilipaswa kuja mara tu duara liliposoma 28, kwa sababu feokromositoma ni nadra mno kusoma 10 au chini yake. Na kabla ya kipimo hiki asichomwe sindano ya kuchukua kinyama cha uvimbe, kwani feokromositoma ikichokozwa inaweza kumwaga homoni ghafla na kuipandisha presha kiasi cha kuua.

Je, sasa mama apigwe skani ya MIBG? Hii ni picha ya aina nyingine. MIBG, kwa kirefu metaiodobenzilguanidini, ni kemikali inayofanana na noradrenalini, na seli za kiini cha adrenali huimeza zikidhani ni mali yao. Hufungwa pamoja na iodini yenye mionzi, huchomwa mshipani, na kesho yake kamera ya gama huonyesha imejikusanya wapi mwilini. Mgonjwa hupewa kwanza iodini ya kawaida ili tezi ya shingo isinyonye ile yenye mionzi. Huacha pia, kwa maelekezo ya daktari, dawa zinazoizuia MIBG kuingia kwenye seli, kama labetalol na amitriptyline.

Kwa mama huyu jibu ni hapana. Uvimbe ni mmoja, mdogo, uko ndani ya tezi, na mkojo umeshautaja jina. Isitoshe, tezi nzima isiyo na ugonjwa nayo huweza kung'aa kidogo, na baadhi ya feokromositoma hazing'ai kabisa. Picha ingeweza kuleta mashaka mapya bila kubadili tiba: dawa za kuzuia presha kupanda, kama doxazosin, kisha upasuaji.

Skani hiyo huongeza kitu pale swali linapokuwa "uko wapi kwingine?" Uvimbe ungekuwa wa sentimita 8, au ungerudi miaka michache baada ya upasuaji, au ungeonekana umefika kwenye mifupa, MIBG ingepita mwili mzima kuutafuta. Ingeonyesha pia kama vivimbe hivyo vinaimeza, maana vikiimeza, MIBG ileile ikibebeshwa iodini 131 kwa kipimo kikubwa inaweza kutumika kuvitibu. Hata hapo, palipo na skani ya petia ya galiamu 68, mara nyingi hiyo huona zaidi.

Ukipewa ripoti yenye mstari kama wa mama huyu, uliza kwanza namba iliyosomwa bila dawa. Ikizidi 10, uliza metanefrini zitapimwa lini.