Funguo ya usalama ilikuwa moja tu, na imepotea: njia gani za kurudi mu konti?

Kuna wenzetu ambao wamefunga konti yao ya Google kwa funguo ya usalama, kile kidude kidogo cha USB, kama YubiKey, ambacho unachomeka mu ordinateri kisha ya kuandika neno la siri. Ni ulinzi wa nguvu sana. Mwizi hata akijua neno lako la siri, bila ile funguo anabaki inje. Lakini siku funguo inapotea, na hukuandikisha ingine, wewe mwenyewe unaweza kubaki inje pamoja na mwizi. Tuangalie hiyo hali pole pole.

Kwanza tuondoe wazo moja ambalo linakulaka watu makuta bure: kununua funguo ingine ya aina ile ile haifungue kitu. Funguo ya nyumba, fundi anaweza kuichonga tena. Hii hapana. Siku uliyoiandikisha, ndani yake mulizaliwa siri ambayo haitoki inje na haikopiwe. Google ilibaki tu na sehemu ya kuhakikishia ile siri. Funguo mpya itazaa siri yake ingine, ambayo Google haijui. Hata kiwanda kilichoitengeneza hakina kopi.

Basi njia za kurudi haziko ndani ya funguo. Ziko mu vitu ambavyo Google ilikwisha kuvijua kuwa ni vyako: telefone, ordinateri, nimero, barua pepe ya pili.

Tuchukue mfano. Tuseme mwanafunzi wa Bukavu ameshuka moto kule Ibanda, anaingiza mkono mu mfuko, funguo haiko. Ni siku ya Alhamisi. Memwari yake iko yote mu konti ile, na dosie ya bursi inafungwa kisha siku kumi. Anafanya nini?

Jambo la kwanza ni la kutofanya: asitoke mu konti fasi yoyote ile ambako bado iko wazi. Asibonyeze kutoka, asifute historia ya navigateri, asirudishe telefone kwa hali ya kiwanda eti "labda itakaa sawa". Watu wengi wanapoteza konti hapo, hawaipoteze siku ya funguo. Telefone ambayo bado inapokea ujumbe wa ile konti ndiyo mlango mkubwa alio nao.

Aanze na hiyo telefone. Afungue myaccount.google.com, aingie mu Sécurité, kisha Validation en deux étapes. Google itaomba neno la siri. Ikilikubali bila kuomba funguo, atafute Codes de secours, atoe zile kodi. Ni kumi, kila moja ina tarakimu nane na inatumika mara moja tu. Aziandike mu karatasi. Hapo amepona: kodi moja inachukua nafasi ya funguo mu ordinateri. Kisha aondoe ile funguo iliyopotea kwenye orodha, ili yule atakayeiokota asiweze kuitumia.

Ikiwa Google inaomba funguo hata pale, abonyeze Essayer une autre méthode. Mara nyingi watu hawaone yale maneno, wanabaki kuangalia picha ya funguo tu. Pale chini Google inaweza kumuonyesha njia zingine: kukubali kwa kubonyeza « Oui » mu telefone yake, kupokea kodi kwa nimero aliyoandikisha, ao kuandika kodi ya akiba. Kama kuna ordinateri ya nyumbani ambayo zamani aliiambia Google isimuulize tena, ajaribu hapo pia.

Na kama nimero iko mu orodha lakini karte ya sim ilipotea? Aende na kitambulisho ku ofisi ya kampuni ya simu, aombe karte ingine yenye nimero ile ile. Lakini afanye mbio. Nimero iliyokaa muda mrefu bila kutumika, kampuni inaweza kuipatia mtu mwingine, na hapo njia ile imekufa.

Tuseme yote hayo yamekataa: telefone haina konti, kodi hakuna. Inabaki njia ya mwisho, g.co/recover. Hapo Google inamuuliza maswali ili ipime kama ni yeye kweli. Haipime majibu tu, inapima pia anatokea wapi. Kwa hiyo asiende kufanyia ku siberi ya barabarani ao ku ordinateri ya rafiki. Afanyie nyumbani, mu ordinateri na navigateri aliyozoea, na kama anatumia VPN aizime. Wakimuuliza neno la siri la zamani na hana hakika, aandike lile analodhani. Jibu la kukisia ni bora kuliko kuruka swali. Barua pepe atakayotoa ya kujibiwa iwe ile anayoweza kuifungua leo, na aangalie pia mu sanduku la takataka.

Kwa konti yenye ulinzi wa hatua mbili, Google inasema hiyo kazi inaweza kuchukua siku 3 hadi 5 za kazi. Tuhesabu: ameomba Alhamisi, Jumamosi na Siku ya Mungu hazihesabiwe, basi jibu linaweza kufika hadi Alhamisi ingine. Bursi inafungwa Siku ya Mungu inayofuata. Zinabaki siku tatu tu, na jibu linaweza kuwa hapana. Ndiyo maana asikae kungoja. Siku ile ile afungue anwani mpya, aandikie watu wa bursi kuwaeleza, na aombe mwalimu anayemuongoza amrudishie kopi ya memwari aliyomtumia. Na asirudie ombi kila saa. Majaribio mengi yanaweza kufanya mfumo umuzuie kwa muda.

Kuna hali mbili za pekee. Kama konti ilitolewa na iniversite ao kazi, njia ni fupi: yule anayesimamia konti za pale anaweza kutoa kodi za akiba kwa jina lako. Nenda kumuona uso kwa uso. Lakini kama ulijiingiza mwenyewe mu ule ulinzi wa juu wa Google, Advanced Protection, jua kwamba uchunguzi ni mkali zaidi na unaweza kuchukua siku zaidi.

Katika siku hizo za kungoja, utaona watu ku Facebook na WhatsApp wanaosema: "Nitumie dola makumi mbili, nikurudishie konti." Google haifanye kazi na watu wa namna hiyo. Wanachotaka ni pesa, ao ile kodi iliyofika mu telefone yako. Ukiwapa kodi, konti ambayo ulikuwa bado na nafasi ya kuirudisha inakuwa yao.

Na ukweli mwingine: kuna watu ambao fomu inawakatalia, na hakuna ofisi ya kwenda kulalamika. Wewe ambaye funguo yako ingali mu mfuko, toa zile kodi kumi leo, uziandike mu karatasi, uiweke pamoja na diploma. Ukipata makuta, andikisha funguo ya pili na uiache nyumbani. Usiifunge ku mnyororo mmoja na ile ya kwanza, juu zitapoteaka pamoja.