Robo ya Kimo Si Robo ya Tangi

Gesi ya kupikia ikiwa imegandamizwa kuwa kimiminika, mara nyingi huhifadhiwa kwenye matangi makubwa yenye umbo la mpira. Chukua tangi lenye kipenyo cha ndani cha mita 10, na kipimo kinaonyesha kimiminika kimefika mita 2.5 kutoka chini. Hiyo ni robo ya kimo. Je, imebaki robo ya gesi? Hapana, imebaki chini ya moja ya sita.

Uso wa kimiminika umelikata tufe kwa bapa, na sehemu iliyo chini yake ni kofia iliyopinduliwa. Tuanze na ngozi yake, yaani ukuta wa tangi uliolowa. Eneo lake ni 2πRh, ambapo R ni nusukipenyo cha tangi na h ni kimo cha kofia. Hapa tunapata mita za mraba 78.5, na tangi zima lina 314.2. Kwa hiyo ukuta uliolowa ni robo kamili! Akimede wa Sirakusa alilithibitisha jambo hili katika karne ya tatu kabla ya Kristo. Ukilikata tufe kwa mapande ya unene sawa, pande la karibu na ncha lina mzingo mdogo, lakini ukuta wake umelala zaidi na hivyo ni mpana zaidi. Upungufu na ziada hufutana.

Ujazo hauna bahati hiyo, kwa kuwa pande la karibu na ncha halina nafasi ndani yake. Ili kuupata, gawa ukuta uliolowa katika vipande vidogo mno, kisha kila kimoja kifanye kitako cha piramidi ambayo ncha yake iko katikati ya tufe. Piramidi zote zina kimo R, hivyo jumla yake ni eneo mara R gawanya kwa 3: mita za ujazo 130.9. Ila humo imo pia tupu iliyosimama kati ya uso wa kimiminika na kitovu cha tufe. Kimo chake ni mita 2.5, na mraba wa nusukipenyo cha kitako chake ni 2.5 × 7.5, yaani 18.75. Ujazo wake ni 49.1. Ukiutoa, inabaki 81.8 kati ya 523.6 za tangi zima, takriban asilimia 16.

Hesabu hiyo yote hufupishwa hivi: πh²(3R − h) ÷ 3. Kosa la kawaida ni kuweka nusukipenyo cha uso wa kimiminika, hapa mita 4.33, mahali pa R. Fomula inafaa hata kimiminika kikipita katikati, hivyo ijaribu kwanza kwa h ya mita 10: usipopata 523.6, kuna namba umeiweka vibaya.