Nyota Moja Isiyofutika

Tuseme una mgahawa Tanga. Asubuhi unafungua Google Maps na kukuta maoni mawili mapya, yote ya nyota moja. La kwanza linasema, "Pilau baridi, nimesubiri saa nzima." La pili limeandikwa na mtu uliyemwachisha kazi mwezi uliopita.

Yote yanauma, lakini Google haiyapimi kwa uchungu wako. La pili linavunja kanuni, kwa kuwa mfanyakazi wa zamani ana masilahi yake. Bonyeza vidoti vitatu kando ya maoni, chagua kuripoti, kisha taja sababu inayolingana na kosa hilo. Ukikosea sababu, ombi linaweza kukataliwa. Likikataliwa, unaweza kukata rufaa mara moja, kwa hiyo eleza vizuri.

La pilau litabaki, hata kama una hakika chakula kilikuwa cha moto. Google haiamui nani mkweli kati ya muuzaji na mteja. Hata nyota moja isiyo na neno lolote kwa kawaida haiondolewi.

Hapo dawa ni kujibu: "Pole kwa kusubiri. Ijumaa mchana huwa tunazidiwa, tumeongeza mpishi. Tupigie tuzungumze." Usimwite mwongo, wala usianike simu yake au alichoagiza. Jibu hilo mlalamikaji huenda asilisome, ila atalisoma mgeni anayetafuta pa kula leo.